Skripti Inayogombana Mwanzo Mwisho

Skripti ikichosha, mwandishi wake kwa kawaida huiongezea matukio. Anatia ajali, anatia mimba, anaua mtu kwenye ukurasa wa 40. Akiisoma tena, bado imelala. Kinachomchosha mtazamaji mara nyingi si uchache wa matukio. Ni kule kuwekwa kwenye hali moja kwa muda mrefu, hata kama hali yenyewe ni ya makelele. Ugomvi wa dakika 20 mfululizo huzoeleka kama jenereta la jirani: mwanzo linakera, baada ya muda hulisikii tena.

Skripti bapa, basi, ziko za aina mbili. Ipo inayojikokota, watu wananywa chai na kusalimiana, na hiyo hata mwandishi mchanga huigundua mapema. Ya pili ni hatari zaidi kwa sababu inajidai kuwa moto: kila sini watu wanafokeana, wanalia, wanatishana, na mwandishi anaamini amejaza taharuki. Katika tamthilia zetu za televisheni hii ya pili ndiyo nyingi, na ndiyo nitakayoishughulikia hapa.

Tuchukue mfano, ambao nimeutunga kwa ajili ya makala hii. Ni filamu fupi ya nusu saa, maana yake skripti ya kurasa kama 30, kwa kuwa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye skrini. Mwanaidi ni mjane, anauza vitumbua Ngamiani, Tanga. Shemeji yake, Bakari, anataka nyumba ya marehemu kaka yake iuzwe. Hati ya nyumba haionekani. Kumbe mtoto wake wa kiume, Salimu, ameiweka rehani kwa mkopeshaji wa mtaani.

Kisa si kibaya. Tazama sasa rasimu ya kwanza ilivyokwenda. Bakari anaingia na kutangaza kwamba nyumba itauzwa, wanagombana. Mwanaidi anamlilia jirani yake, Bi Tatu. Anagombana na Salimu kwa kutomsaidia. Bakari anarudi na mnunuzi, ugomvi tena. Mwanaidi anafungua kasha, hati hamna, analia. Anakwenda ofisi ya serikali ya mtaa, anajibiwa vibaya. Salimu anakiri, anazabwa kofi. Mkopeshaji anakataa kurudisha hati, wanafokeana. Kikao cha ukoo, kelele. Mwishowe Bi Tatu anatoa ushahidi, Mwanaidi anashinda, analia kwa furaha. Sini kumi, na ukiondoa ile ya mwisho, hisia ni mbili tu zinazopokezana zamu: hasira na kilio.

Kazi ya kuirekebisha huanza na kadi. Kata karatasi ngumu vipande kumi, kila sini na kadi yake, uzipange mezani au uzibandike ukutani. Kwenye kila kadi andika mambo matatu. La kwanza, nani anataka nini kwa nani katika sini hii. La pili, mhusika mkuu ameingia na hisia gani na ametoka na ipi. La tatu ni namba ya taharuki, kuanzia 1 mpaka 10. Chini ya kadi chora nukta kulingana na namba, halafu ziunganishe. Mstari unaopatikana ndio mwendo wa skripti yako.

Namba hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Mwandishi wa rasimu yetu akijipimia, atajipa 7, 7, 7, 8, 8, 7, 8, 8, 9, 9, kwa sababu anapima sauti. Anaona watu wanafoka, anaandika 8. Lakini taharuki haikai kooni mwa mwigizaji, inakaa kwa mtazamaji. Swali la kujiuliza ni hili: sini inapoisha, mtazamaji ana hamu kiasi gani ya kujua jibu la jambo fulani, na analiogopa kiasi gani? Ukipima hivyo, sini ya kwanza inashuka mpaka 4. Bakari amesema nia yake yote, Mwanaidi amekataa kwa nguvu zake zote, hakuna aliyeficha kitu, hakuna linalosubiriwa zaidi ya kugombana tena kesho. Kilio kwa Bi Tatu ni 2, maana kinarudia kwa machozi yale yaliyokwisha kusemwa kwa hasira. Ugomvi na Salimu 3. Katika nusu ya kwanza, kadi yenye namba kubwa kwa haki ni ile ya kasha tu, labda 7. Mstari tuliodhani umepaa juu kumbe umelala chini, na una kichuguu kimoja.

Kadi zina dalili nyingine mbili za ubapa. Moja ni hisia ya kuingilia kuwa sawa na ya kutokea: Mwanaidi anaingia na hasira, anatoka na hasira. Sini ya namna hiyo huenda ina habari muhimu ndani yake, lakini haijamsogeza mtu popote. Ya pili ni sini tatu au zaidi zinazofuatana na namba zinazokaribiana, hisia zinazofanana na urefu unaolingana. Hilo la urefu husahaulika. Sini kumi za kurasa tatutatu zina mdundo mmoja, na mtazamaji huuhisi hata kama hawezi kuueleza.

Watu wengi wakifika hapa hukimbilia kuingiza kichekesho katikati, wakidhani ndilo pumziko lenyewe. Bado mapema. Huwezi kulegeza kamba ambayo haijakazwa. Kwanza itafutwe taharuki ya kweli, na njia ya haraka kuliko zote ni kuangalia nani anajua nini, na amejua lini.

Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili vizuri katika mazungumzo yake na François Truffaut, yaliyochapishwa kama kitabu mwaka 1966. Watu wamekaa mezani wanazungumza mambo ya kawaida, ghafla bomu linalipuka chini ya meza. Mtazamaji anashtuka kwa sekunde 15. Lakini kama mtazamaji ameonyeshwa bomu mapema, na anaona saa inakwenda, mazungumzo yale yale ya kawaida yanampa dakika 15 za wasiwasi. Bomu ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali habari ilipowekwa.

Bomu la Mwanaidi ni hati. Katika rasimu ya kwanza mtazamaji anajua kuwa imewekwa rehani kwenye sini ya saba, wakati mmoja na mama mwenyewe. Ni mshtuko wa sekunde chache, halafu basi. Tuihamishe habari hiyo mpaka sini ya pili: Salimu yuko peke yake kwa mkopeshaji, anaomba aongezewe wiki moja, na hati tunaiona kwenye droo. Mama hajui, Bakari hajui, mtazamaji anajua. Tangu hapo kila mtu anayetamka neno "hati" anautikisa moyo wa mtazamaji, hata akilitamka kwa upole.

Ndiyo maana sini ya kwanza haihitaji tena ugomvi. Bakari anaweza kuja kistaarabu, na akija kistaarabu anatisha zaidi. Inaweza kuandikwa hivi:

BAKARI: Shikamoo, shemeji.
MWANAIDI: Marahaba. Karibu kiti. Salimu, mletee baba yako mdogo chai.
BAKARI: Nimekuletea sukari kidogo. (Anatazama dari.) Bati hili kaka alilipigilia mwenyewe, eti?
MWANAIDI: Mwenyewe. Na msumari ulimtoboa mkono.
BAKARI: Karatasi zake ulizihifadhi vizuri, lakini? Mvua za mwaka huu...
MWANAIDI: Ziko kwenye kasha.
(Salimu anasimama na kikombe mkononi. Hakileti.)

Hakuna aliyepaza sauti. Namba inaanzia 2, kwa mama na mwanawe wanaotaniana kwenye moshi wa vitumbua, na inaishia 5 kwa kikombe kisichofika. Mwanaidi anatoka na furaha ya kutembelewa. Salimu anatoka na hofu. Sini ya pili inapotuonyesha droo, tunaelewa kikombe kile kilisimamia nini, na namba inapanda mpaka 6.

Sasa pumziko lina kazi, kwa kuwa ipo kamba ya kulegeza. Sini ya tatu ni ya Bi Tatu, ila safari hii hakuna kilio. Bi Tatu ni mcheshi, anamsimulia Mwanaidi jinsi Bakari alivyokuwa mtoto mdokozi, alivyokwapua sambusa za futari akaungua ulimi. Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Halafu Bi Tatu anasema, huku bado anacheka, "Hebu nitolee hati yako nikakufichie kwangu, shoga yangu." Mwanaidi anaanza kutafuta ufunguo wa kasha. Hauoni. Wanautafuta pamoja, wanachekeana kwa usahaulifu wa uzee. Wahusika wako kwenye raha tupu. Mtazamaji anashika kiti. Ufunguo haupatikani, wanaahirisha. Hapo mtazamaji anashusha pumzi, lakini deni la sini ile halijalipwa, na anajua halijalipwa.

Pumziko zuri haliufuti wasiwasi, linaupa nafasi ya kushuka kidogo ili upate mahali pa kupandia. Ukitazama mstari wa skripti iliyokaa sawa, utaona vilele vinazidi kuwa virefu, lakini mabonde nayo hayarudi chini kabisa. Bonde la kwanza likiwa 2, la pili huwa 3 au 4, la tatu 5. Pumziko linalomrudisha mtazamaji kwenye 1 katikati ya filamu, kwa mfano sini nzima ya walevi wawili wasiohusika na hati wala nyumba, linamwambia aende akachukue simu yake. Kichekesho kitoke kwa watu wa kisa, juu ya jambo la kisa.

Kama unataka kuona ufundi huu ukifanyika ndani ya sini moja, itafute filamu ya Jaws ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Steven Spielberg, uangalie usiku wa wanaume watatu kwenye boti. Wanamsaka papa mla watu. Wamekunywa kidogo. Quint, mvuvi mkorofi, na Hooper, mtaalamu msomi, ambao kutwa nzima walikuwa hawaivi chungu kimoja, wanaanza kushindana kuonyeshana makovu. Kila kovu na kisa chake, kila kisa na kicheko chake. Brody, mkuu wa polisi, anainua shati, analitazama kovu lake dogo, analifunika kimya. Ni mzaha usio na neno hata moja. Kisha Brody anauliza alama moja kwenye mkono wa Quint ni ya nini. Quint anajibu kwamba hapo alifuta chale ya meli ya kivita ya Marekani, Indianapolis. Kicheko cha Hooper kinakatika mdomoni.

Ndipo Quint anasimulia. Meli hiyo ilikuwepo kweli: ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani Julai 1945, muda mfupi baada ya kupeleka sehemu za bomu la atomiki kisiwani Tinian, na mabaharia wake wengi waliachwa baharini kwa siku kadhaa, papa wakiwazunguka. Katika wanaume wapatao 1,195, waliookolewa walikuwa 316. Quint anasimulia kwa sauti ya chini, karibu anatabasamu. Papa hatumwoni. Hakuna kinachotokea ila mtu anazungumza mezani. Akimaliza, kwa mbali inasikika sauti ya nyangumi. Halafu wanaanza kuimba, wote watatu, wanagonga meza kwa furaha, na humo humo ndani ya wimbo papa anaupiga ubavu wa boti.

Hesabu mapigo hayo: uchangamfu, mzaha, kukatika, hofu tulivu, ukimya, furaha, shambulio. Hofu ya Quint isingetuingia hivyo kama tusingetoka kwenye kicheko. Shambulio nalo lisingeshtua kama lingekuja moja kwa moja baada ya kisa cha Quint, kwa kuwa hapo mtazamaji alikuwa amekwisha kujikunyata na kujiandaa. Wimbo unamtuliza kwanza. Zingatia pia kwamba kicheko kile kina kazi nyingine: kinawapatanisha Quint na Hooper, na bila upatano huo kisa hakisimuliwi. Kila pumziko linabeba kitu.

Turudi Ngamiani. Sini ya nne, mnunuzi anakuja na futi ya kupimia, anapima ukuta huku Mwanaidi akiwa sokoni, na Salimu anashuhudia. Namba 7. Ukurasa mmoja tu, hauhitaji zaidi.

Sini ya tano ni ya kasha. Katika rasimu ya kwanza ilikuwa ya kurasa tatu za kuomboleza. Hapa nashauri ukali wa mkasi. Mwanaidi amepata ufunguo. Anafungua. Anatoa kanzu ya marehemu, anaikunjua, anaikunja. Anatoa kitambaa kilichokuwa kimefunga hati, ni kitupu. Anakinusa. Anakirudisha, anarudisha kanzu, anafunga kasha kwa ufunguo kama alivyolikuta. Nusu ukurasa, hakuna neno. Ni 8, na ni 8 kwa sababu hakulia. Mhusika akilia, mtazamaji husamehewa kulia. Asipolia, mzigo unabaki kwa mtazamaji.

Baada ya 8 hiyo kishawishi ni kwenda moja kwa moja kwenye kofi. Mahali hapo ndipo pumziko linahitajika kuliko pengine pote. Sini ya sita ni chakula cha jioni. Mama ameshajua kuwa hati haipo na anamshuku mwanawe, mwana hajui kama mama anajua. Mama anapakua wali, anamwekea kipande kikubwa cha samaki, wanakumbushana jinsi marehemu alivyokuwa akikoroma wakati wa mpira redioni. Wanacheka kweli. Mama anasema, "Baba yako alikuwa haniachi nilale bila kuniambia kitu, hata kikiwa kibaya." Kimya. Salimu anaomba maji. Hakiri. Bonde hili lina namba 5, nalo ndilo moyo wa filamu. Ipe kurasa nne, usizionee uchungu. Ungamo lenyewe lije baadaye, mlangoni, kwa sentensi moja, na kofi wala halihitajiki.

Sini zilizobaki nazipitia haraka. Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kuwa na ucheshi wa muhuri ambao wino wake umekauka, mradi mwishoni karani aseme Bakari amekwisha kufika pale jana. Kwa mkopeshaji namba ni 8. Kikao cha ukoo ni 10, na ugomvi mkubwa uachiwe hapo, mara moja tu, maana sauti iliyotunzwa kwa dakika 25 ina thamani ikitoka. Baada yake bakiza ukurasa mmoja wa 3, watu watulie. Ukisoma kadi upya unapata takriban 5, 6, 4, 7, 8, 5, 4, 8, 10, 3. Ile 4 ya ofisini inanikera kidogo, iko chini ya bonde lililotangulia, na ningejaribu kumhamishia karani ile habari ya Bakari mwanzoni mwa sini ili ipande. Namba hazitoki sawa kwa mara moja.

Dawa hii ina mipaka yake. Haitibu skripti ambayo mhusika mkuu hataki kitu, kwa kuwa hakutakuwa na swali la kumsubirisha mtazamaji, na ukipanga kadi usiku kucha mstari hautapanda. Pia zipo filamu za mwendo wa pole kwa makusudi, ambazo taharuki yake imo katika kutazama kwa muda mrefu. Ukizilazimisha kupanda na kushuka kila dakika tatu utaziua. Na ukiona mawimbi yako yanalingana kabisa, juu, chini, juu, chini, kwa urefu ule ule, umerudi kwenye ubapa kwa mlango wa nyuma: mtazamaji ameshajifunza kwamba kicheko kikija, msiba unafuata. Vuruga mpangilio. Weka vilele viwili bila bonde kati yake, refusha bonde moja kupita kiasi.

Kipimo cha mwisho ni usomaji wa mezani. Wakusanye waigizaji, wasome skripti yote kwa sauti bila kusimama, wewe usisome, watazame wasikilizaji. Pale watu wanapokohoa, wanapojinyoosha, wanapogeuza simu, weka alama pembeni. Angalia na waigizaji: mwigizaji anayeanza kusoma haraka haraka anataka kutoka kwenye sini hiyo, naye kwa kawaida ana haki. Kisha mpe kadi tupu mtu asiyejua kisa chako, aandike namba zake. Zikipishana na zako, fuata za kwake. Yeye ndiye atakayekata tiketi.